Muguu mu plasta: kreatini inasaidia wakati gani?

Siku walimutosha plasta, kijana huyu wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliangalia muguu wake na kunyamaza. Iko na miaka 26. Siku za kazi anaunganisha vyuma, na kila dimanshi anacheza beki mu timu ya kartie. Mufupa wa muundi wake ulivunjika mu muchezo, na majuma sita yote muguu wa kuume ulikuwa umefungwa tangu paja mupaka vidole. Sasa paja lilikuwa limekonda sawa paja la mutoto wa masomo.

Mama wa kinezi, mwenye anafundisha wagonjwa mazoezi, alichukua metre ya fundi wa nguo. Alipima sentimetre 15 juu ya kifuniko cha goti, akaweka alama na bik, akazungusha metre. Muguu wa muzima: sentimetre 54. Muguu wa plasta: sentimetre 50.

“Mama, na ile poda yote nilikunywa?” kijana akauliza.

Ile poda ni kreatini. Mukubwa wake, mwenye anabeba vyuma mu sali ya mazoezi, alimuletea kopo la gramu 300 siku ya pili kisha kuvunjika, na kumuambia kwamba itachunga nyama ya muguu isiishe mu plasta. Kijana alifuata vizuri: gramu 20 kila siku kwa siku sita za kwanza, kisha gramu 5 kila siku. Piga hesabu: gramu 120 kwanza, kisha siku 36 za gramu 5, ni gramu 180. Kopo liliisha siku ile ile plasta ilitoka.

Tulikuwa pale kwa sababu tulitaka kujua kama hii poda, yenye vijana wengi wanaisemea leo, inasaidia mutu wa kuvunjika ao hapana. Jibu tulilopata linaweza kusemwa kwa maneno machache: kijana huyu hakukosea kuchagua poda, alikosea wakati. Lakini kwa kuelewa vile, inafaa kwanza kujua kitu gani kinapita ndani ya plasta.

Musuli wenye umelala

Watu wengi wanafikiri musuli mu plasta unaoza, ao unakulwa na ugonjwa. Siyo vile. Musuli wa mutu unabomolewa na kujengwa kila siku, sawa nyumba ya udongo yenye mwenyewe anaipaka upya kila mara mvua inapita. Wakati muguu unafanya kazi, kujenga na kubomoa vinalingana. Ukiufunga, kubomoa kunaendelea, lakini kujenga kunapunguka sana, kwa sababu hakuna kazi yenye inaita mufundi. Mu siku chache tu nyama inaanza kupotea.

Na nguvu inapotea mbio kuliko nyama. Mu majuma mawili ya plasta, paja linaweza kupoteza karibu sehemu moja juu ya kumi ya unene wa musuli wake wa mbele, lakini nguvu ya kunyoosha goti inaweza kushuka kwa robo nzima. Ni kwa sababu hata mishipa yenye inaleta amri kutoka kichwa mupaka musuli inasahau kazi yake. Njo maana mutu anatoka mu plasta, anasimama, na goti linakunjika lenyewe.

Sasa kreatini inaingia wapi? Siyo dawa ya kigeni kabisa. Mwili wetu wenyewe unaitengeneza kila siku, na ingine tunaipata mu nyama na samaki. Karibu yote inakaa ndani ya misuli. Kazi yake ni kurudishia musuli nguvu upesi wakati wa kazi fupi na nzito: kuinuka ku kiti, kupanda ngazi, kupiga mupira. Ni sawa akiba ya makala karibu na mbabula: moto ukishuka, unaongeza mara moja, haungoje mutu atoke ku soko. Mutu akikunywa kreatini, akiba inaongezeka kidogo, na anaweza kurudilia zoezi mara moja ao mbili zaidi mbele ya kuchoka. Ni hayo marudilio ya zaidi, siku kwa siku, njo yanajenga nyama.

Musomaji ameona tayari shida iko wapi. Makala ni mazuri, lakini mu plasta hakuna mutu anapika.

Watu wa Leuven na muguu mu plasta

Jambo hili lilijaribiwa kwa kweli mu Ubelgiji, ku universite ya Leuven, na kundi la profesa Peter Hespel. Walitangaza matokeo mu mwaka 2001. Walichukua watu 22 wazima, wenye hawakuvunjika kitu, wakawafunga muguu wa kuume plasta kwa majuma mawili. Kisha waliwatosha plasta na kuwapa mazoezi ya kunyoosha goti na uzito, mara tatu kwa juma, kwa majuma kumi. Nusu yao walikunywa kreatini tangu siku ya kwanza ya plasta, kuanzia gramu 20 kwa siku na kushuka polepole mupaka gramu 5. Nusu ingine walipewa poda ya bure yenye kufanana nayo, na hawakujua ni gani wanakunywa.

Kisha majuma mawili ya plasta, makundi mawili yalikuwa sawasawa. Wote walikuwa wamepoteza karibu asilimia 10 ya unene wa musuli wa paja na karibu asilimia 25 ya nguvu. Kreatini haikuzuia hasara.

Lakini mambo yalibadilika wakati mazoezi yalianza. Wenye kukunywa kreatini walirudilia unene na nguvu mbio kuliko wengine. Ilionekana kisha majuma matatu, na bado ilionekana kisha majuma kumi. Makala yalikuwa yanangojea moto.

Mu mwaka 2017, wachunguzi wa Uholanzi walirudia swali kwa njia ingine. Walifikiri: labda watu wa Leuven walichelewa, labda akiba inafaa kujazwa mbele ya plasta. Walichukua vijana wanaume 30, wakajaza misuli ya wamoja na gramu 20 kwa siku kwa siku tano, kisha ndipo wakawafunga muguu juma moja. Walihakikisha kwamba kreatini iliingia kweli mu musuli. Hata vile, nyama na nguvu vilipotea sawasawa na kwa wenye hawakukunywa kreatini. Na mu juma moja tu lenye lilifuata, bila mazoezi ya nguvu, hakukuwa tofauti pia.

Kwa hiyo, kwa muguu, majaribio haya mawili yanasema neno moja: ndani ya plasta kreatini haichungi nyama.

Na mukono?

Kuna jaribio moja lenye watu wanapenda kuonyesha, na mukubwa wa kijana wetu alikuwa amelisikia ku sali. Lilitangazwa mu mwaka 2009. Vijana wanaume saba walifungwa mukono plasta kwa juma moja bila kreatini, kisha wakapumzika, kisha wakafungwa tena juma ingine na gramu 20 za kreatini kila siku. Mu juma bila kreatini, nguvu ya kukunja kiwiko ilishuka kwa karibu asilimia 21. Mu juma la kreatini ilishuka kwa asilimia 4 tu. Ni tofauti kubwa sana.

Tulimupa mama wa kinezi hesabu hizi. Alizisoma mara mbili, akatoa miwani.

“Watu saba,” akasema. “Na wote walianza bila kreatini, wakamaliza na kreatini. Mara ya pili mutu anajua vile wanamupima, anajua kusukuma. Halafu kreatini inavuta maji mu musuli. Mashini inaonyesha mukono muzito, lakini haisemi kama ni nyama ao ni maji.”

Hakusema kwamba jaribio ni la uongo. Inawezekana mukono unatenda tofauti na muguu. Muguu umezoea kubeba mwili muzima kila siku, na ukifungwa unaporomoka mbio. Mukono haubebi vile. Lakini watu saba ni kidogo, na mutu mwenye amevunjika mukono asiuze mbuzi juu ya hesabu hiyo.

Kuna pia upande wa watu wenye kuugua kweli. Mu Amerika, mu mwaka 2004, walipima wagonjwa 60 wenye walipasuliwa kamba ya ndani ya goti, ile yenye inakatikaka kwa wachezaji wa mupira. Nusu walikunywa kreatini majuma 12 pamoja na mazoezi ya hospitali. Nguvu ya goti haikuwa tofauti. Tunasema hili wazi, kwa sababu watu wa Leuven walikuwa wazima: hawakuwa na maumivu, hawakuvimba, na walisukuma uzito kwa nguvu yao yote tangu siku ya kwanza. Goti lenye limepasuliwa linauma, na lenye linauma halisukume. Kama mazoezi ni madogo, hata akiba ikijaa, haina kazi ya kufanya.

Kuhesabu kopo upya

Turudilie sasa kopo la gramu 300 la kijana wetu. Mama wa kinezi alikaa na yeye ku benchi na kupiga hesabu mbele yetu, ku ngongo ya karatasi ya radio.

Kwa kujaza akiba ya musuli kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mbio: gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku tano ao sita. Ya pili ni ya polepole: gramu 3 kwa siku kwa siku 28. Wachunguzi wa Swede walionyesha mu mwaka 1996 kwamba njia zote mbili zinafikisha musuli karibu mahali pamoja. Tofauti ni paka haraka. Na mutu mwenye kuwa na majuma sita ya plasta mbele yake, haraka ya nini?

“Mudogo, angalia,” mama akasema. “Daktari anakuambia plasta itatoka tarehe fulani. Unarudi nyuma majuma mane. Pale njo unaanza, gramu 3 kwa siku. Siku plasta inatoka, akiba imejaa. Kisha unaendelea gramu 3 kwa majuma kumi ya mazoezi.”

Majuma mane na majuma kumi ni majuma 14, ndiyo siku 98. Mara gramu 3, ni gramu 294. Kopo lile lile la gramu 300 lingemufikisha mupaka mwisho wa mazoezi, na gramu sita zingebaki chini. Dozi ya Leuven ilikuwa kubwa kuliko hii, lakini kwa mufuko wa mutu wa Katuba, gramu 3 za wakati mzuri zina faida kuliko gramu 20 za wakati mbaya.

Kijana alihuzunika, lakini si yote ilipotea. Akiba yenye imejazwa haiishe mara moja. Inashuka polepole kwa karibu mwezi moja. Kwa hiyo alianza mazoezi yake akiwa bado na makala. Aliamua kununua kopo ingine ndogo. Kama hangekuwa na makuta, mama alimuambia wazi, angepashwa kuchagua mayai, maharagi na kapenta, kwa sababu nyama haijengwe na kreatini peke yake, inajengwa na chakula. Tena mutu mwenye anakula bukari na matembele siku nyingi, bila nyama wala samaki, akiba yake kwa kawaida iko chini, na mutu wa vile njo musuli wake unapokea kreatini zaidi.

Namna ya kuikunywa

Kreatini yenye ilijaribiwa mu hesabu zote hizi ni ile inaitwa monohidrati. Haina haja ya majina marefu ya bei kali. Poda yake ni nyeupe, haina harufu, na karibu haina ladha. Mu maji baridi haiyeyuke vizuri, inashuka chini ya kikombe sawa muchanga laini. Mu chai ya vuguvugu inayeyuka. Kama ile walikuuzishia ni tamu, inanukia matunda, ao inakupiga moyo na kukunyima usingizi, kuna kitu kingine ndani.

Kijiko cha chai chenye kusawazishwa na kisu kinabeba kati ya gramu 3 na 5, na kinatosha kwa siku. Unakunywa pamoja na chakula. Ukiitia mu maji, uikunywe siku ile ile, kwa sababu ikilala mu maji inaharibika polepole. Usikunywe nyingi mara moja. Kijana wetu alijua sababu: siku ya tatu alisahau dozi mbili, akaziunganisha gramu 10 pamoja, na usiku tumbo lilimukimbiza. Kukimbia ku choo cha nje na muguu umefungwa mupaka paja ni jambo lenye hatasahau.

Siku za kwanza kisha kuvunjika, muguu unavimba ndani ya plasta. Wakati huo si wa kutafuta poda yenye kuvuta maji mu musuli. Maumivu yakizidi badala ya kupunguka, vidole vikipoa, vikigeuka rangi ao kufa ganzi, rudi ku hospitali saa ile ile, hata usiku. Plasta inaweza kuwa inakaza sana, na kungoja asubuhi kunaweza kupoteza muguu.

Nani asiikunywe? Mutu mwenye ugonjwa wa figo. Mutu mwenye muguu ulipondwa kabisa, sawa kwa gari ao ukuta wenye kuanguka, kwa sababu nyama iliyopondwa inatupa uchafu mwingi mu damu na figo zinalemewa. Mwanamuke mwenye mimba na mutoto, mupaka muganga aseme. Na mutu mwenye anameza kila siku vidonge vya maumivu sawa diklofenaki ao ibuprofeni, aulize kwanza, kwa sababu vidonge hivyo pia vinachosha figo. Kwa mutu muzima, gramu 3 mupaka 5 kwa siku hazikuonekana kuharibu figo. Lakini zinaweza kupandisha kidogo kipimo cha damu chenye waganga wanatumia kwa kuangalia figo, kinaitwa kreatinini. Ukipimwa damu, umwambie muganga unakunywa nini, asikutibie ugonjwa wenye hauna.

Na jambo moja watu wanachanganya: kreatini haiunganishe mufupa. Mufupa una wakati wake, na ni picha ya radio njo inasema kama umeshika.

Kazi ya kwanza inaanza ndani ya plasta

Kama poda haichungi nyama mu plasta, ni nini inachunga? Mama wa kinezi alituonyesha ku mugonjwa mwingine mwenye alikuwa bado amefungwa. Alimuomba akaze paja ndani ya plasta, kama anataka kusukuma nyuma ya goti ku kitanda, ahesabu mupaka tano, aachilie. Mara kumi. Kisha ainue muguu wote ukiwa umenyooka, polepole, mara kumi. Mara tatu ao ine kwa siku, kama muganga wa mifupa ameruhusu. Hakuna kitu kinatembea, lakini musuli umeitwa ku kazi, na mishipa haisahau njia.

“Hii muguu ilikuwa na lala,” alimuambia kijana wetu. “Mutu wa kulala, unamupikia bukari, hakuli. Muamshe kwanza.”

Kijana hakufanya hata zoezi moja mu majuma yale sita. Hakuna mutu alimuonyesha, na alifikiri kopo linatosha.

Kisha plasta, radio ilionyesha mufupa umeshika. Alianza kuinuka ku kiti bila kujishikilia, kisha kupanda na kushuka ku ngazi moja, kisha kubeba mufuko wa muchanga wakati anainuka, mara tatu kwa juma. Kila ijumaa, metre ile ile, sentimetre 15 juu ya goti, pahali pa alama. Kisha majuma mane ilikuwa sentimetre 51 na nusu. Kisha majuma kumi, 53. Hatuwezi kusema ni ngapi zilitoka mu kopo na ngapi zilitoka mu mufuko wa muchanga, kwa sababu mutu moja hana kundi la kulinganisha. Tulimuuliza yeye mwenyewe.

“Poda ilinisaidia kumalizia zile mara mbili za mwisho,” alisema. “Lakini muchanga njo nilibeba.”

Dimanshi hii iliyopita hakucheza bado. Alikuwa ku mupaka wa kiwanja, akishika metre mu mufuko.